Mada: Majibu ya Vipimo vya Urithi na Siri ya Mgonjwa

Mada hii inaunganisha urithi na maadili. Watahiniwa wengi hukokotoa uwezekano vizuri, kisha hupoteza alama wanapoulizwa nani ana haki ya kujua jibu la kipimo. Soma mfano huu wa kubuni hatua kwa hatua.

Mfano

Rehema anaishi Kizota, Dodoma. Mtoto wake amegundulika kuwa na selimundu, yaani SS. Rehema naye amepimwa na kukutwa AS: ni mzima, lakini amebeba jeni moja ya selimundu. Mdogo wake, Juma, ni mzima na anajiandaa kuoa. Daktari anamwomba Rehema amweleze Juma. Rehema anakataa, kwa sababu mama mkwe ameshasema kuwa ugonjwa "umetoka kwao". Anaogopa habari zikifika kwa ndugu, ndoa yake itayumba.

Hatua ya 1: Jibu la Rehema linasema nini kuhusu Juma?

Jeni S ya Rehema imetoka kwa mzazi. Ikiwa mzazi mmoja ni AS na mwingine AA, kila mtoto wao ana uwezekano wa 1/2 wa kuwa AS. Ikiwa wazazi wote wawili ni AS, watoto hutarajiwa kuwa AA 1/4, AS 1/2 na SS 1/4. Juma ni mtu mzima asiye na ugonjwa, hivyo tunaondoa SS. Zinabaki sehemu tatu, mbili kati yake ni AS, yaani 2/3. Kwa hiyo uwezekano wa Juma ni 1/2 au 2/3 kutegemea wazazi. Kumbuka kuwa huo ni uwezekano tu. Jibu la Rehema halithibitishi kwamba Juma ana jeni hiyo.

Hatua ya 2: Kuna hatari gani Juma asipojua?

Juma mwenyewe hatarajiwi kuugua. Hatari iko kwa watoto wake, kwa mfano ikiwa Juma ni AS na mchumba wake naye ni AS. Hapo kila mimba ina uwezekano wa 1/4 wa kuwa SS. Usiandike "mtoto mmoja kati ya wanne atakuwa SS". Kila mimba huanza upya, na mtoto wa kwanza kuwa SS hakumkingi wa pili.

Hatua ya 3: Je, Rehema anaweza kushinikizwa?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za kijenetiki katika kundi la taarifa nyeti, ambazo kwa kawaida huhitaji ridhaa ya maandishi ya mhusika. Daktari anaweza kumweleza Rehema hatari, kumpa muda na kumshauri tena. Huko ni kushauri. Kumwambia "usiposema, mtoto wako hatapata huduma" ni kushinikiza. Kumpigia Juma simu kwa siri ni kuvunja siri ya mgonjwa.

Lakini ipo njia ya kati. Kipimo cha selimundu hakihitaji jibu la ndugu. Rehema anaweza kumwambia Juma, "Kabla hujaoa, nendeni mkapime selimundu wewe na mwenzako." Juma atapata ukweli wake kutoka kwenye damu yake mwenyewe, na siri ya Rehema itabaki.

Hatua ya 4: Siri ina mpaka?

Mwaka 2020 Mahakama Kuu jijini London iliamua kesi ya binti ambaye baba yake alikuwa na ugonjwa wa Huntington, ambao kila mtoto ana uwezekano wa 1/2 wa kuurithi. Baba alikataa binti asiambiwe, ilhali alikuwa mjamzito. Binti naye alikuwa akipata huduma ya ushauri wa familia kwenye taasisi iliyohusika na matibabu ya baba. Jaji alisema madaktari walipaswa kupima masilahi ya binti dhidi ya siri ya baba. Hata hivyo binti alishindwa kesi, kwani jaji aliona uamuzi wa kutomwambia haukuvuka mipaka ya utaalamu. Uamuzi huo haufungi mahakama za Tanzania, ila unaonyesha kuwa wajibu ni kupima pande zote mbili. Hauna maana kwamba daktari lazima atangaze.

Swali (alama 10)

"Ndugu ana haki ya kuona majibu ya mgonjwa kwa kuwa wana damu moja." Jadili kwa kutumia mfano wa Rehema.

Mwongozo wa kujibu

Onyesha hesabu ya Juma (alama 3). Taja hatari na masharti yake (alama 2). Eleza siri na ridhaa (alama 2). Tofautisha kushauri na kushinikiza (alama 2). Toa msimamo wako (alama 1). Msimamo unaokubalika: Juma ana haki ya kujua hali *yake*, na anaweza kuijua bila kuona karatasi ya dada yake.