Dondoo muhimu: Usiku wa Shilatembo katika filamu

Lumumba alipigwa picha za filamu Leopoldville mwezi Desemba 1960, akiwa amefungwa mikono. Lakini usiku wa tarehe 17 Januari 1961, alipouawa pamoja na wenzake Mpolo na Okito huko Shilatembo, nje ya Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, haukurekodiwa. Mtengenezaji filamu huigiza tukio hilo, na hapo ndipo mtazamaji hupotea.

Usiigize kwa rangi nyeusi na nyeupe wala usiongeze mikwaruzo ya filamu kuukuu. Picha halisi za Desemba ni za namna hiyo, na ukiziunganisha na za kwako mtu ataapa kwamba ameona mauaji yenyewe. Piga igizo kwa rangi, kivuli kikificha nyuso.

Andika «IGIZO» pembeni mwa picha tangu mwanzo wa tukio hadi mwisho wake, si sekunde tatu za kwanza tu. Andika ndani ya picha yenyewe: kipande kikikatwa na kusambazwa kwenye WhatsApp, neno lisibaki nyuma. Hapa Lubumbashi ongeza Kifaransa, «RECONSTITUTION», na msimulizi alitamke pia, kwani wapo wanaosikiliza huku wakipika.

Maneno ndiyo hatari kubwa zaidi. Usimtungie Lumumba hotuba ya mwisho. Kama muigizaji anasema jambo lililotoka kwa shahidi, taja shahidi huyo papo hapo. Pasipo shahidi, acha waigizaji wanyamaze.