Vidonge vya Kuchelewesha Uzee: Ni Panya Yupi Aliyeishi Zaidi?

Resveratroli ni kemikali inayopatikana katika ganda la zabibu nyekundu na, kwa kiasi kidogo, katika karanga. Mwaka 2003 watafiti, akiwemo David Sinclair wa Chuo Kikuu cha Harvard, walieleza kwamba seli za hamira zilizowekewa kemikali hiyo ziliishi muda mrefu zaidi. Hata hivyo, utafiti ulioipa biashara ya vidonge nguvu ulichapishwa mwaka 2006, nao ulihusu panya. Yafaa tuusome taratibu, kwa sababu matangazo hunukuu nusu yake tu.

Panya hao walikuwa na umri wa mwaka mmoja, ambao kwa panya ni umri wa makamo. Walilishwa chakula ambacho asilimia 60 ya nishati yake ilitokana na mafuta, wakanenepa na maini yao yakaathirika. Waliochanganyiwa resveratroli, takribani miligramu 22 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, walibaki wanene, lakini ini na insulini zao zilifanya kazi vizuri zaidi, na hatari yao ya kufa ilipungua kwa asilimia 31.

Je, walilinganishwa na nani? Walilinganishwa na panya wanene wenzao. Maisha yao yalikaribia yale ya panya waliokula chakula cha kawaida, hayakuyapita. Mwaka 2008 timu hiyo ilitoa matokeo ya panya waliokula chakula cha kawaida pamoja na resveratroli. Baadhi ya dalili za uzee zilipungua, ikiwemo mtoto wa jicho, lakini umri wao wa kuishi haukuongezeka. Baadaye mpango wa Taasisi ya Taifa ya Uzee ya Marekani, unaorudia jaribio lilelile katika maabara tatu kwa kutumia panya wa nasaba mchanganyiko, haukuona nyongeza yoyote ya maisha. Mpango huohuo uligundua kwamba rapamaisini hurefusha maisha ya panya, hivyo hatuwezi kudai kwamba kipimo chao kilikuwa butu.

Sasa tuangalie dozi. Mtu wa kilo 70 akizidisha uzito wake kwa 22 atapata miligramu 1,540 kwa siku. Lakini wanafamasia hawahamishi dozi hivyo, kwani mwili mdogo wa panya huchoma nishati haraka mno. Kwa kanuni ya eneo la ngozi, dozi ya panya kwa kilo hugawanywa kwa takribani 12, na mtu huyo hubaki na miligramu 130 hivi. Divai nyekundu huwa na miligramu chache tu kwa lita, hivyo hoja ya glasi ya jioni haisimami. Tena, kumeza si kufika: utumbo na ini huibadilisha resveratroli karibu yote kabla haijasambaa mwilini, na inayobaki katika damu katika umbo lake la asili ni kidogo sana. Namba iliyoandikwa kwenye chupa hueleza kilichomezwa tu.

Kwa binadamu, matokeo yanatia shaka. Nchini Denmaki, wanaume wazee wenye afya walifanya mazoezi kwa wiki nane. Nusu walipewa miligramu 250 za resveratroli kila siku na nusu vidonge visivyo na dawa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa ongezeko la uwezo wa mwili kutumia oksijeni lilikuwa dogo kwa waliomeza resveratroli kuliko kwa wenzao. Kidonge kilipunguza faida ya mazoezi.

Sokoni sasa kuna nikotinamidi ribosidi, jamaa ya vitamini B3, ambayo seli huitumia kutengeneza NAD, kemikali muhimu katika uzalishaji wa nishati. Hapa lazima tukiri kwamba kidonge hufika: katika jaribio la mwaka 2018, gramu moja kwa siku kwa wiki sita iliongeza NAD katika seli za damu kwa takribani asilimia 60. Lakini kupanda kwa kipimo si kupona. Mwaka huohuo wanaume wanene waliopewa gramu mbili kwa siku kwa wiki 12 hawakupata nafuu yoyote katika utendaji wa insulini, ingawa kwa panya wanene nafuu hiyo ilikuwa imeonekana. Hakuna jaribio lililoonyesha kwamba watu wanaomeza vidonge hivi huishi zaidi.

Mgonjwa akileta chupa kliniki, aulizwe kwanza dawa nyingine anazotumia. Resveratroli kwa dozi kubwa huweza kuzuia vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa, na huweza kuongeza hatari ya kutokwa damu kwa anayetumia wafarini. Kuanzia gramu moja kwenda juu, kichefuchefu na kuhara ni kawaida. Aulizwe pia kama ameacha dawa ya shinikizo la damu au ya kisukari ili apate fedha ya kununulia chupa hiyo; akiwa ameacha, apimwe na arudishiwe dawa yake siku hiyohiyo.