Sudusi na Salio Vyote ni vya Baba: Mirathi ya Kiislamu Pale Marehemu Anapoacha Mabinti Peke Yao

Kwa nini tumeandika kijitabu hiki

Malalamiko yanayotufikia kutoka Same na vijiji vya Upare, kuanzia Hedaru na Makanya hadi Kisiwani, Maore na Ndungu, yanafanana mno. Mwanamume Mwislamu amefariki. Hakuacha mtoto wa kiume. Ameacha mke, mabinti, na baba yake mzazi aliye hai. Ukoo unakaa kikao, mtu mmoja aliyesikia kidogo darasani anasema, "Baba ana sudusi," yaani sehemu moja ya sita, na wote wanaitikia. Kisha linakuja swali la kilichobaki. Hapo ndugu wa marehemu hujijibu wenyewe: kilichobaki ni chetu, sisi ndio wanaume wa ukoo.

Jibu hilo ni kosa, na watu wanapoteza mali kwa kosa hilo. Tumelieleza misikitini na kwenye ofisi za vijiji, tena na tena, na tunajivunia kuwa palipotusikiliza ugomvi umepungua. Lakini bado wapo wanaosaini kwanza na kuuliza baadaye. Someni, na msiposoma msije kusema hamkuambiwa.

ONYO LA KWANZA: Baba akiwa hai, ndugu wa marehemu hawarithi chochote.

Baba huingia kwa milango miwili

Sura An-Nisaa, aya ya 11, inampa kila mzazi sudusi iwapo marehemu ameacha mtoto. Huo ni mlango wa kwanza: fungu lililotajwa, lisilopanda wala kushuka kwa maneno ya kikao.

Mlango wa pili ni wa asaba, yaani mrithi achukuaye salio baada ya wenye mafungu kupewa haki zao. Msingi wake ni hadithi ya Mtume iliyopokewa na Ibn Abbas, ambayo imo katika Bukhari na Muslim: wenye mafungu wapewe kwanza, kisha kinachosalia kiende kwa mwanamume aliye karibu zaidi na marehemu. Wa kwanza kwa ukaribu ni mtoto wa kiume na kizazi chake cha kiume. Wasipokuwepo hao, anayefuata ni baba. Ndugu wako nyuma ya baba, na yeye akiwepo wanazibwa. Wanazuoni huita kuzibwa huko *hijabu*.

Kwa hiyo hali ya baba ni moja kati ya tatu. Marehemu akiacha mtoto wa kiume, baba anapata sudusi tu. Asipoacha mtoto yeyote, baba hana fungu lililotajwa, anachukua salio. Akiacha mabinti peke yao, baba anapata sudusi yake, kisha anarudi kuchukua salio, likiwepo. Hali hii ya tatu ndiyo inayofichwa.

Tupige hesabu pamoja

Tuchukue mfano. Mtu ameacha majaruba ya mpunga Ndungu, chumba cha duka Same mjini na fedha za mauzo ya tangawizi. Gharama za maziko na madeni yamelipwa, wasia halali umetekelezwa, na kilichobaki kimethaminiwa kuwa shilingi 21,600,000. Warithi ni mke mmoja, mabinti wawili na baba. Mama wa marehemu alikwisha kufa. Marehemu ana pia kaka wawili.

Mke ana thumni, sehemu moja ya nane. Mabinti wawili wana theluthi mbili kwa pamoja. Baba ana sudusi. Ili mafungu yote yagawike bila kuvunjika, mali inakatwa vipande 24, kila kipande shilingi 900,000.

Mke anapata vipande 3, yaani shilingi 2,700,000. Mabinti wanapata vipande 16, yaani shilingi 14,400,000, kila mmoja 7,200,000. Baba anapata vipande 4 vya sudusi, yaani 3,600,000. Jumlisha: 3, 16 na 4 ni 23. Kimesalia kipande kimoja cha shilingi 900,000. Hicho ni cha baba kwa mlango wa pili, na jumla yake inakuwa 4,500,000. Kaka wawili hawana kitu.

Mtu atasema kipande kimoja si cha kugombewa. Basi tuweke binti mmoja badala ya wawili. Binti wa peke yake ana nusu, vipande 12. Mke 3, baba 4, jumla 19. Sasa salio ni vipande 5, shilingi 4,500,000, zaidi ya sudusi yenyewe. Baba anastahili 8,100,000. Akiandikiwa sudusi tu na salio likapelekwa kwa kaka, mzee amenyang'anywa zaidi ya nusu ya haki yake, na pengine hata hajui.

Na mabinti nao wasidanganywe. Salio ni kinachobaki *baada ya* wao kupewa. Haiwezekani baba, wala mtu anayesema kwa jina la baba, achukue kwanza kisha mabinti waokote makombo.

Salio halipo kila mara

Turudishe mabinti wawili na mke, na safari hii mama wa marehemu yuko hai. Mama naye ana sudusi, vipande 4. Hesabu: 3, 16, 4 na 4 ni 27, nasi tuna vipande 24. Mafungu yamezidi mali. Hapa inaingia *auli*: mali inakatwa vipande 27 badala ya 24, na kila mwenye fungu anapungukiwa kwa kiwango kilekile. Kipande kinakuwa shilingi 800,000. Mke anapata 2,400,000, kila binti 6,400,000, baba 3,200,000 na mama 3,200,000.

Hapo baba hana salio, kwa kuwa halipo. Anayedai "salio la ukoo" katika hesabu ya namna hii anadai kitu kisichokuwepo.

ONYO LA PILI: "Baba" ni mmoja tu

Nyumbani kwetu baba mdogo ni baba na baba mkubwa ni baba. Heshima hiyo ni njema na tusiiache. Lakini kwenye karatasi ya mirathi imeleta hasara. Kikao kinaandika "baba wa marehemu", msomaji anaelewa mzazi, kumbe jina lililoandikwa ni la baba mdogo aliyemlea. Katika faraidhi, baba ni aliyemzaa marehemu ndani ya ndoa. Baba mdogo, baba mkubwa na baba wa kambo hawaingii kwa mlango huo. Andikeni "baba mzazi", na jina lake kamili.

ONYO LA TATU: Kwanza ijulikane mali ni ya nani

Vijana wengi milimani hulima shamba ambalo baba amewaonyesha bila kuwapa moja kwa moja. Kama shamba hilo, na zamu yake ya maji ya ndiva, bado ni la baba, haliingii katika mirathi ya mwanawe hata kidogo. Kama baba alimpa mwanawe mbele ya mashahidi na mwana akalishika kama mali yake, limeingia, na baba halirudishi kwa kisingizio cha ukoo. Mtauliza mashahidi na kuangalia kumbukumbu za kijiji kabla ya kugawa, si baada. Vilevile mali ya mjane mwenyewe haigawiwi.

ONYO LA NNE: Msicheleweshe

Fungu la baba linakuwa lake tangu mwanawe alipokata roho. Mzee akifa kabla mali haijagawiwa, fungu hilo linakwenda kwa warithi wake yeye, na hapo wanawe wengine, wale kaka waliozibwa, wanaingia kihalali. Tunaona kesi zinazovutwa miaka, na mzee wa watu anazidi kuchoka. Mnajua nani anangoja. Fungu la mabinti haliguswi na kifo cha babu yao, lakini mali waliyopaswa kugawana na mtu mmoja sasa wanagawana na kundi zima.

Baba akitaka kuwapa wanawe, au wajukuu wake yatima, anachokipata, awape baada ya kukipokea, kwa hiari yake. Asisainishwe kukiacha kabla.

Mahali pa kwenda na cha kufanya

Bara hakuna Mahakama ya Kadhi yenye nguvu ya dola kama ilivyo Zanzibar. Sheikh au kadhi wa BAKWATA atawasaidia kupiga hesabu, na mnapaswa kumwendea, lakini msimamizi wa mirathi anateuliwa na mahakama. Mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au ya kimila husikilizwa na Mahakama ya Mwanzo.

Muhtasari wa kikao cha ukoo unamsaidia hakimu kumjua anayependekezwa kusimamia. Haugawi mali. Msisaini muhtasari wenye nafasi tupu. Katika maombi, andikeni warithi wote kwa majina, na semeni wazi mbele ya hakimu kuwa marehemu aliishi Kiislamu na kwamba mnaomba sheria ya Kiislamu itumike. Mkinyamaza, mwingine anaweza kusimama na kudai sheria ya kimila. Kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa mwaka 1963 zinawaweka watoto wa kike daraja la mwisho, na hazina sudusi ya baba.

Kwa kanuni za mwaka 1971, msimamizi anatakiwa kuwasilisha Fomu Na. V, yenye mali na madeni yote, ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, isipokuwa mahakama imwongezee muda. Hesabu za mirathi hufuata katika Fomu Na. VI. Mrithi yeyote anaweza kwenda mahakamani kuuliza kama fomu hizo zimefika.

Kwa ufupi, masharti mengine: mrithi awe Mwislamu, asiwe amemuua marehemu, na wasia usizidi theluthi moja ya mali wala usimwongezee mrithi bila idhini ya wenzake. Mengine muulizeni sheikh.

Kabla hujasaini

Itazame orodha ya mgawo. Tafuta mstari wa baba mzazi, uone kama una namba mbili, sudusi na salio, au kama umeandikwa sudusi tu. Jumlisha vipande vyote, vifike 24, au 27 penye auli kama ile tuliyoionyesha. Kisha soma majina. Ukikuta jina la kaka wa marehemu kati ya wanaopokea, na mzee bado anakaa barazani kwake, weka kalamu chini.