Uzito unaoteleza kidogo kidogo

Swali: Tunafungasha mchele wa kilo 5 hapa Kahama na kuupeleka Geita. Nitajuaje uzito unapungua kabla Wakala wa Vipimo hawajatukuta na mifuko pungufu?

Jibu: Kila siku pima mifuko 5 iliyojaa, toa uzito wa mfuko mtupu, kisha weka wastani wake kwenye chati. Baada ya siku 20 hivi, tafuta wastani wa jumla na wastani wa tofauti kati ya mfuko mzito na mwepesi wa kila siku. Tuseme umepata gramu 5,020 na 46. Zidisha 46 kwa 0.577, kizidishi cha sampuli za mifuko 5: unapata 27. Mipaka yako ni 4,993 na 5,047. Usichore mipaka ya sheria hapo. Hiyo ni ya mfuko mmoja mmoja, si ya wastani.

Sasa wastani ukisoma 5,017, 5,014, 5,011, 5,008, 5,006, 5,003, hakuna nukta iliyovuka mpaka, lakini sita mfululizo zimeshuka. Simamisha kazi siku hiyohiyo. Kagua sifuri ya mzani kwanza, halafu uupime kwa jiwe la mzani lililohakikiwa. Ukiwa sawa, kagua mashine ya kujazia. Usiongeze mchele kwa sababu ya nukta moja tu iliyo ndani ya mipaka, utazidisha mtikisiko.