Deni la Kabla ya Ndoa

Wengi hutuuliza: mchumba wangu ana deni, je, tukioana litakuwa langu? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yasema ya kwamba ndoa peke yake haibadili umiliki wa mali ya mume wala ya mke. Deni la zamani nalo humfuata aliyelikopa, isipokuwa mwenzake ametia sahihi ya udhamini.

Tuchukue mfano. Mchimbaji wa Geita adaiwa shilingi 1,200,000 na mfadhili aliyemlisha duarani. Mkewe auza mchele Shinyanga kwa mtaji wa shilingi 600,000. Wakichanganya yote, mtaji utamezwa na deni, na duara laweza kukaa miezi bila dhahabu. Kwanza waende wawili kwa mfadhili, salio liandikwe, maana deni la mdomo hukua. Chakula kitoke katika faida ya mchele, mtaji usiguswe. Mume apatapo mgawo, tuseme shilingi 300,000, nusu ilipe deni kabla fedha hazijafika nyumbani, nusu iingie katika kisanduku cha wote. Migawo minane kama hiyo yalimaliza. Mfadhili akitaka nyumba yao iwe rehani, sheria ile yakataza pasipo idhini ya mke.