Dondoo muhimu: Pesa za M-PESA zikienda kwa nambari isiyo sahihi

Umekosea tarakimu moja na shilingi 3,000 zimemfikia mtu usiyemjua? Usianze kwa kumpigia. Wapo watakaokata simu na kukimbilia kwa wakala. Kwa M-PESA ya Kenya, sambaza ujumbe wa muamala kama ulivyo kwenda 456, papo hapo. Safaricom huweza kuzizuia zikiwa bado zimo kwenye akaunti ya mpokeaji. Akishazitoa, au zikimezwa na deni lake la Fuliza (hili huwashangaza wengi), ombi hugonga mwamba, na hapo hubaki kumsihi au kwenda polisi.

Na akikupigia mtu anayedai amekutumia kimakosa, angalia salio lako kwanza, kisha mwambie asambaze ujumbe wake 456. Usimtumie chochote wewe mwenyewe.