Dondoo muhimu: Daftari la pamba kati ya Google Sheets na Excel

Karani wa ushirika wa pamba Mwamapalala, mkoani Simiyu, akijumlisha kilo za kila mkulima kwa `QUERY` katika Google Sheets, kisha akapakua lahajedwali, yaani jedwali la hesabu, kama `.xlsx`, Excel humwonyesha jumla sahihi, lakini ni thamani iliyoganda, kwani Excel haina fomula hiyo. Dalili yake ni neno `DUMMYFUNCTION` kwenye upau wa fomula, na uzito mpya ukiingizwa jumla haibadiliki. Heri kutumia `SUMIF`, inayofanya kazi pande zote mbili, namba ya mkulima ikiwa safu A na kilo safu C:

```
=SUMIF(A:A,"M014",C:C)
```

Kutoka Excel, makro, yaani amri za VBA zinazoendesha kazi zenyewe, hazitekelezwi katika Google Sheets. Nakala ya `.xlsm` ihifadhiwe kabla ya kugeuza faili.